Opena ya kopo inateleza: anza na gurudumu la meno, kisu baadaye

*"Fundi, opena yangu ya kopo, hizi za kuzungusha kwa mkono, imeanza kunitesa. Naibana vizuri, inakata kidogo halafu inateleza kwenye ukingo. Kishikio kinazunguka lakini opena yenyewe haisogei. Nimekinoa kile kisu cha duara kwa msasa, nikapaka mafuta ya kupikia kila mahali, ndiyo kwanza ikazidi. Na mikono yake siku hizi inachezacheza. Inatengenezeka au niitupe?"*

Usiitupe bado. Ila msasa uweke mbali, na hayo mafuta tutayatoa yote, maana yamepakwa mahali pasipotakiwa mafuta hata tone.

Ishike opena yako uitazame kwa mbele, upande unaoelekea kopo. Utaona magurudumu mawili. La juu ni jembamba lenye makali: hicho ndicho kisu, na kazi yake ni kupasua kifuniko kwa ndani ya ukingo. La chini ni dogo na nene kidogo, limechongwa meno pembeni. Hilo linakaa chini ya ukingo, kwa nje ya kopo, na ndilo lililounganishwa na kishikio chenye umbo la kipepeo unachozungusha. Kisu hakisogezi kitu. Kinachoivuta opena izunguke kopo ni yale meno yanayouma ukingo kutoka chini. Opena ya gurudumu ya mwanzo kabisa, ile William Lyman aliyoipatia hataza Marekani mwaka 1870, haikuwa na meno haya. Ulitoboa kifuniko katikati, ukakizungusha kisu kwa nguvu za mkono wako. Gurudumu la meno liliongezwa mwaka 1925, na tangu hapo opena ikaanza kujivuta yenyewe.

Nimeanza huko kwa sababu wewe, kama watu wengi, ulikimbilia kukinoa kisu. Kisu butu kina dalili zake: kipepeo kinakuwa kizito, kifuniko kinabonyea kabla ya kupasuka, na mkato unakuwa na kingo zilizochanika. Kipepeo kikizunguka bure huku opena imesimama pale pale, meno yameshindwa kushika. Ama yamejaa uchafu, ama yamelainishwa na mafuta, ama yako mbali mno na kisu kiasi kwamba ukingo haubanwi, ama yamelika. Kwako naona sababu tatu za kwanza zinawezekana kwa pamoja, na mikono kuchezacheza ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi.

Kabla ya kugusa chochote, chukua kopo la mwisho ulilohangaika nalo, ulisuuze, ulipindue utazame ukingo wake kwa chini. Meno huacha alama pale, vishimo vidogo vilivyopangana kama mshono wa cherehani. Palipo na vishimo vya kina na vyenye nafasi sawa, meno yalishika. Palipo na mikwaruzo inayong'aa, kama mtu aliyeburuta msumari, hapo yaliteleza. Na ukikuta vishimo vizuri chini lakini juu kifuniko hakijakatwa, basi kweli kisu ndicho kilichoruka.

Pima pia umbali kutoka sehemu moja mbovu hadi nyingine. Chukua kopo lenye upana wa sentimita 7.5, mzunguko wake ni kama sentimita 23 na nusu. Kisu chenye upana wa sentimita 2 kinamaliza mzunguko mmoja kila baada ya sentimita 6.3, kwa hiyo kikiwa na pengo mahali pamoja kitaruka mara tatu au nne kwenye kopo hilo, kwa nafasi zinazolingana. Gurudumu la meno ni dogo zaidi, mara nyingi kama sentimita 1.2, hivyo bonge la uchafu lililoganda kwenye meno litarudi kila baada ya sentimita 4 hivi. Mitelezo isiyo na mpangilio wowote, leo hapa kesho pale, huashiria mbano uliolegea. Kuna na ile inayotokea mara moja tu kwa kila kopo: tazama ubavuni mwa kopo kama kuna mstari wa kuchomelea unaopanda juu hadi ukingoni. Ukingo wa kawaida ni bati lililokunjwa tabaka tano, na pale mstari unapokutana nao unanenepa, kwa hiyo opena inayumba hapo. Opena nzima hupita kwa kusitasita kidogo. Iliyolegea hung'oka.

Sasa usafi. Changanya maji ya moto unayoweza kuvumilia kwa mkono na sabuni ya kuoshea vyombo, uloweke kichwa cha opena dakika 20. Kwako wewe usiwe na haraka, kwa sababu mafuta ya kupikia yakikaa kwenye chuma yanageuka utando wa gundi, na gundi hiyo hushika vumbi la bati na mabaki ya chakula ikaganda kama lami. Baada ya kuloweka, sugua kwa mswaki wa zamani huku ukizungusha kipepeo ili kila upande upite mbele yako. Mswaki utasafisha kisu, lakini hautamaliza meno. Mabonde kati ya jino na jino ni membamba, na uchafu wa humo umeshindiliwa na kila kopo ulilofungua. Chukua kijiti cha meno au sindano nene, uingie bonde kwa bonde. Weka alama ya kalamu kwenye jino moja ujue ulipoanzia. Ni kazi ya kuchosha ya dakika kumi.

Aliwahi kuniletea mama mmoja opena yake akiniambia meno yameisha. Nami nilipoitazama haraka nikakubaliana naye, gurudumu lilikuwa laini kama kifungo cha shati. Nilipoingiza sindano kukatoka kipande cheusi kigumu chenye umbo la bonde lenyewe, na chini yake jino lilikuwa zima. Yote yalikuwa hivyo. Tangu siku ile sihukumu meno kabla ya sindano.

Nyuma ya kisu nako kuna uficho. Kati ya kisu na bamba la opena kuna nafasi nyembamba ambako mswaki haufiki. Kata ukanda wa kitambaa kigumu, uupitishe hapo, uuvute huku na huku kama unayeng'arisha kiatu. Shika kisu kwa kitambaa kilichokunjwa, maana hata kisu kilichochoka kinakata kidole. Ukiona kutu, lowesha kwa siki nyeupe dakika 15 hadi 30, sugua, kisha suuza vizuri. Usiiache kwenye siki usiku kucha. Asidi itakula ule mng'aro wa juu, na hapo kutu itarudi kwa kasi kuliko mwanzo. Suuza, kausha kwa kitambaa, halafu iache wazi mahali pakavu hadi maji ya ndani ya viungo yaishe.

Mafuta yanakuja baada ya kukauka, na ni machache mno. Tone moja kwenye ekseli ya kisu, moja kwenye ekseli ya kipepeo, moja kwenye ribiti inayounganisha mikono. Tumia mafuta ya madini yanayoruhusiwa kugusana na chakula, yale ya kupaka mbao za kukatia. Mafuta ya cherehani au ya injini hayafai hapa, kwa sababu kisu kinazama kwenye chakula. Meno yenyewe yafute yabaki makavu kabisa. Meno hushika kwa kung'ang'ania chuma, na ukiyapaka mafuta umeyavua silaha. Nadhani hapo ndipo opena yako "ilipozidi".

Kwa opena nyingi mambo yangeishia hapo. Yako ina mikono inayocheza, kwa hiyo tuendelee.

Funga mikono bila kopo, uinue opena mbele ya dirisha utazame kwa ubavu. Ukingo wa kisu ushuke hadi usawa wa vilele vya meno au upite kidogo. Kisha tazama nafasi ya pembeni, kati ya uso wa kisu na uso wa gurudumu la meno: iwe nyembamba kuliko unene wa ukingo wa kopo, ambao ni zaidi kidogo ya milimita 1. Macho yakikudanganya, tumia karatasi ngumu ya boksi. Kata ukanda wa upana wa sentimita 2, uukunje mara moja, uusimamishe kati ya magurudumu kama vile ni ukingo wa kopo, bana, zungusha. Opena yenye mbano mzuri itaumeza ukanda na kuutoa upande wa pili ukiwa na alama za meno za kina kimoja mwanzo hadi mwisho. Alama zikianza vizuri zikafifia, au ukanda ukikwama huku kipepeo kinazunguka, magurudumu yanaachana chini ya mzigo.

Yanaachana kwa nini? Shika mkono mmoja wa opena, uutikise ule mwingine, si kwa kufungua na kufunga bali kwa upande, kama unayeusukuma utoke kwenye ribiti. Ukisogea, ribiti imelegea. Ribiti ndiyo bawaba ya chombo hiki, na ikiwa na mchezo hata wa nusu milimita, ukibana mikono kisu kinalala upande badala ya kushuka, na ukingo unapata mwanya wa kuponyoka. Opena nyingine zina gia mbili nyuma ya magurudumu, moja ikizungusha kisu. Ribiti ikilegea, gia nazo zinashikana kwa ncha tu, na utasikia tak, tak, tak kila jino linaporuka. Sauti hiyo si ya kisu wala ya kopo.

Kaza ribiti hivi. Upande mmoja wa ribiti ulaze juu ya chuma kigumu. Kichwa cha nyundo kubwa kilichobanwa vizuri kinatosha. Meza ya mbao haifai, kwa sababu inameza pigo. Kwa nyundo ndogo, gonga kichwa cha ribiti cha upande wa juu mara tatu au nne kwa wepesi, ukizunguka kingo zake badala ya kupiga katikati. Simama, jaribu mikono. Gonga tena ikihitajika. Unatafuta hali hii: mikono inafunguka kwa kuisukuma kidogo kwa kidole, haianguki yenyewe ukiinua opena juu, na haisogei kwa upande. Ukizidisha, mikono itakuwa migumu kama koleo lenye kutu. Ikitokea, tia tone la mafuta, ufungue na kufunga mara ishirini thelathini, mara nyingi hulainika. Kama mahali pa ribiti pana skrubu na nati, usipige nyundo. Kaza nati kwa spana hadi ufikie hali ile ile.

Baada ya ribiti, shika kisu kwa kitambaa ukitikise. Kizunguke kwa urahisi lakini kisiyumbe. Kwenye opena nyingi kimeshikwa na skrubu, ambayo unaikaza kwa bisibisi hadi mwisho, kisha unairudisha nyuma kidogo sana, kama robo ya robo ya mzunguko, ili kisu kisigande. Ikiwa kimeshindiliwa kwa ribiti na kinayumba sana, hakuna marekebisho ya maana hapo.

Rudia ukanda wa boksi. Ukiona alama sasa ni za kina kimoja, umemaliza kazi ya mbano. Zikiwa bado hafifu ilhali ribiti na kisu vimetulia, kuna hatua moja ya mwisho kwa opena ambazo gurudumu la meno linafunguka. Shika kipepeo kwa mkono mmoja, ushike gurudumu kwa plaizi iliyofungwa kitambaa ili meno yasiumie, ujaribu kulifungua. Likikataa, jaribu upande wa pili kwa upole, maana nyuzi zinaweza kuwa zimekatwa upande wowote. Likikataa pande zote, liache. Likifunguka, piga picha kabla ya kutoa kitu, kwa sababu humo ndani kuna washa, na mara nyingi moja imepinda kwa makusudi: ni springi, usiinyooshe. Ukiongeza washa nyembamba ya milimita 0.3 hadi 0.5 nyuma ya gurudumu la meno, unalisogeza mbele likikaribie kisu, na nafasi ya pembeni inapungua kwa kiasi hicho hicho. Usiiweke nyuma ya kisu. Huko utakisukuma kisu kiende mbali zaidi, na utashangaa mbona umeongeza tatizo.

Sasa nirudi kwenye ule msasa. Kisu cha duara kikinolewa kwa mkono hupoteza duara lake: pale ulipokazania panakuwa bapa. Na hata ukikinoa sawasawa, kila unachokiondoa kinapunguza upana wake, na kisu kilichopungua upana hakishuki tena hadi usawa wa meno. Zungusha kipepeo polepole mbele ya dirisha, utazame mwanga kati ya kisu na meno. Kwa opena ambayo kipepeo hakizungushi kisu, kisukume mwenyewe kwa kitambaa. Mwanga ukibaki uleule mzunguko mzima, hukufanya madhara makubwa. Ukipanuka na kujibana, umeshatengeneza bapa, na kwenye kopo litajionyesha kwa ile hesabu ya kila sentimita 6.3. Hapo hakuna kurudi, ila kama unaweza kupata kisu cha kubadilisha, ambacho kwa opena za nyumbani si kawaida kuuzwa peke yake.

Meno nayo yana mwisho wake. Baada ya sindano, yatazame kwa kioo cha kukuzia au kwa kamera ya simu. Jino zima lina ncha. Lililolika lina kilele bapa kinachong'aa. Yakiwa yamelika kidogo, tupa ndogo ya pembe tatu inaweza kuchimbua mabonde, viboko vitatu kwa kila bonde, uhesabu usizidishe popote. Tupa ikiteleza bila kung'ata, gurudumu hilo limekazwa kwa moto, unapoteza muda wako. Na hata likikubali, nimeona kazi hii ikidumu muda mfupi tu, kwa hiyo naifanya kwa opena ambayo mengine yote ni mazima.

Jaribio la mwisho lifanyie kopo la kweli lisilo na ukingo uliobonyea. Meno yawe chini ya ukingo, kisu juu kwa ndani, opena ikiwa imelala sawa bila kuinama. Anza sentimita mbili au tatu baada ya ule mstari wa ubavuni, uzungushe kuelekea upande unaouacha nyuma, ili uufikie mstari mwishoni kabisa, wakati mkato mwingine wote umeshakamilika. Bana mikono hadi usikie kifuniko kikitoboka, ndipo uguse kipepeo. Watu wengi huanza kuzungusha huku bado wanabana, na meno huanza safari kabla hayajauma.

Likipita lote, pindua ukingo utazame vishimo vyake. Ukikuta mikwaruzo sehemu mbili tatu tu, rudi kwenye ribiti, ongeza pigo moja. Ukikuta mikwaruzo mzunguko mzima baada ya haya yote, na vilele vya meno ni bapa, hapo nakubaliana nawe: itupe.